Bima Katika Mali Isiyokuwa Yako

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darasa letu alituletea suala, na kwa kuwa jambo lililomkuta yeye limewakuta wengi katika miji yetu ya pwani, na wengine wamo njiani kukutwa nalo, tumependa kulijibu hapa kwa urefu badala ya kumjibu yeye peke yake.

Suala lenyewe ni hili. Alinunua gari kwa mtoto wa ami yake kwa shilingi 800,000. Alilipa fedha zote taslimu, akapewa ufunguo, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akilitia mafuta, akilitengeneza na kulilaza mlangoni kwake. Lakini kitabu cha gari hakikubadilishwa jina, kwani wao ni ndugu, na kila mmoja aliona hapana haja ya haraka. Bima nayo ikaachwa katika jina la yule ndugu. Kila mwaka muulizaji alimpa fedha, naye akaenda kuilipia. Katika mwaka wa tatu gari likapinduka, likaharibika hata halifai tena kutengenezwa. Kampuni ya bima ilichunguza, kisha ikakataa kumlipa huyu na ikakataa kumlipa yule. Muulizaji asema: “Miaka mitatu wamepokea fedha zangu. Je, huu si wizi?”

Uchungu wake twaufahamu, lakini jawabu yetu ni kuwa si wizi. Ni kanuni ya zamani sana katika mambo ya bima, nayo ina sababu yake. Ubaya ni kuwa kanuni hii haisemwi kwa sauti siku mtu anapotoa fedha. Husemwa siku anapokwenda kudai.

Kabla ya kuendelea tutanabahishe jambo moja. Hatukusudii hapa kuingia katika khitilafu ya wanazuoni juu ya bima yenyewe, ipi yajuzu na ipi haijuzu. Khitilafu hiyo ina mahali pake. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye gari la barabarani kuwa na bima ya madhara ya watu wengine, kwa hivyo hapana mwenye gari asiyehusika na maneno haya. Hata wale walioingia katika takaful watakuta kanuni hii ipo huko pia, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu tutakayoieleza.

Bima ya mali ni ahadi ya kufidia hasara. Kampuni haisemi, “Gari hili likipinduka tutatoa fedha.” Yasema, “Wewe ukipata hasara kwa kupinduka gari hili, tutakurudishia kiasi cha hasara yako.” Baina ya maneno haya mawili pana tofauti kubwa mno, na kanuni yote imesimama juu yake. Kwa hivyo swali la kwanza la bima haliwi juu ya gari wala nyumba. Huwa juu ya mtu: je, kitu hiki kikiangamia, huyu atapungukiwa na nini? Ikiwa hapungukiwi na kitu, basi hapana cha kufidiwa, na fedha atakazopewa zitakuwa ni faida tupu iliyotoka katika msiba. Huko kupungukiwa, pamoja na haki inayotambuliwa na sheria inayomfunga mtu na kitu kile, ndiko tutakakokuita katika makala haya “maslaha.” Asiyekuwa na maslaha katika kitu hawezi kukikatia bima, na akikata, ameshika karatasi tu.

Watu wa zamani hawakuizua kanuni hii kwa kukaa na kufikiri. Waliizua baada ya kuona madhara. Katika karne ya 18 mjini London ilikuwa yawezekana mtu kukata bima ya jahazi ambalo hana ndani yake hata gunia moja la shehena. Hati za namna hiyo ziliandikwa wazi kuwa zitalipwa mwenyewe awe na maslaha au asiwe nayo. Matokeo yake yalikuwa kama yalivyotarajiwa: vyombo vikaanza kuzama kwa namna zisizoeleweka, kwani palikuwa na watu ambao jahazi likifika salama hawapati kitu, na likizama watajirika. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza likapiga marufuku hati hizo za vyombo vya bahari, na katika utangulizi wa sheria yenyewe likataja kuwa vyombo vingi vilikuwa vikipotezwa kwa hila. Mwaka 1774 likatunga sheria nyingine juu ya bima za maisha ya watu, maana pia ilikuwa ada kuweka fedha juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyeugua, na huku yeye kitandani aweza kusoma gazetini bei ya kufa kwake. Sheria hiyo ya pili yatajwa katika vitabu pia kwa jina la Sheria ya Kamari, na jina hilo lastahiki.

Basi msomaji aone hapa jambo ambalo sisi tulikwisha kufunzwa kabla ya Bunge lile: fedha zinazowekwa juu ya jambo lisilomhusu mtu, zirudi kwake nyingi au zipotee, ni maysir. Kumwondoa asiyekuwa na maslaha ndiko kunakoitenga bima na kamari mbele ya sheria ya nchi. Katika takaful uzito wazidi, kwani fedha ni za mfuko wa washiriki, na kumlipa asiyepata hasara ni kuzitoa mali za wenziwe pasina haki.

Sasa tuangalie kadhia moja maarufu, ambayo mawakili huisoma mpaka leo, ili tujue mahakama yaipima vipi haki hii. Katika jimbo la Tyrone, kaskazini mwa Ayalandi, palikuwa na bwana mmoja jina lake Macaura, mwenye shamba kubwa liitwalo Killymoon. Shambani humo mlikuwa na mbao na magogo mengi. Mwaka 1919 aliyauza magogo hayo kwa kampuni ya kupasua mbao, lakini kampuni yenyewe ilikuwa ni yake: hisa zote zilikuwa mikononi mwake na mwa watu waliozishika kwa niaba yake. Malipo aliyopewa yalikuwa ni hisa 42,000. Zaidi ya hayo, kampuni ilikuwa ikiwiwa naye yapata pauni 19,000. Kisha mwaka 1922 akazikatia mbao bima ya moto, ila hakuandika jina la kampuni; aliandika jina lake mwenyewe. Baada ya muda mchache, tarehe 22 Februari 1922, moto ukaziteketeza sehemu kubwa ya zile mbao.

Makampuni ya bima yakakataa kulipa. Kwanza yalimtuhumu kwa hila, na tuhuma hizo hazikuthibitika. Lakini hata baada ya kusafika na tuhuma hakupata kitu. Mwaka 1925 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, lilihukumu kuwa hakuwa na maslaha katika mbao zile. Mbao zilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ni mtu mwingine machoni mwa sheria, hata ikiwa hisa zote ni za mtu mmoja. Mwenye hisa ana haki katika hisa, hana haki katika ubao. Mdai asiyekuwa na rehani ana haki juu ya mdaiwa wake, hana haki juu ya bidhaa zilizomo ghalani mwa mdaiwa. Kuwa mbao zililala juu ya ardhi yake hakukumfaa. Kuwa moto ule ulimtia umasikini hakukumfaa pia, kwani hasara ilimfikia kwa kupitia mlango wa kampuni, haikutoka kwenye mbao moja kwa moja.

Wengi wakisikia hukumu hii huona ni ya kikatili, na sisi hatuwalaumu. Mahakama Kuu ya Kanada mwaka 1987, katika kadhia ya mwenye duka la bidhaa za ngozi mjini Toronto aitwaye Kosmopoulos, ilikataa kuifuata: ikasema kuwa mwenye hisa zote peke yake, ambaye yakini angepata hasara kitu kikiangamia, ana maslaha ya kutosha. Sisi twaiona rai hiyo kuwa karibu zaidi na uadilifu. Lakini sheria yetu ya Kenya imechipuka katika sheria ya Kiingereza, na mwenye busara hajengi usalama wa mali yake juu ya tumaini kuwa hakimu wa hapa atapendelea rai ya Kanada. Mfanyabiashara ambaye lori limeandikwa kwa jina la kampuni yake, na bima ameikata kwa jina lake, amesimama pale pale aliposimama Macaura. Kulitengeneza jambo hili ni kazi ya barua moja.

Turudi sasa kwa muulizaji wetu na tuipime kadhia yake kwa mizani hiyo.

Tuanze na mtoto wa ami, ambaye jina lake ndilo lililomo katika hati ya bima. Siku ya kuuza alipokea shilingi 800,000, hakubakiwa na deni. Gari lilipopinduka mfuko wake haukupungua hata senti. Ni kweli kuwa jina lake limo katika kitabu cha gari, na Sheria ya Trafiki yasema mwenye jina lililosajiliwa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari. Lakini yaongeza, mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa imethibitika, tena kwa maneno yake mwenyewe, kwani alipohojiwa alisema, “Nilikwisha kumwuzia ndugu yangu.” Alikuwa na maslaha siku alipokata bima ya kwanza, ila katika bima ya mali lazima maslaha yawepo siku ya hasara. Maslaha yake yalitoka siku alipotoa ufunguo.

Ama muulizaji mwenyewe, maslaha anayo kamili: ametoa fedha, gari ni lake, hasara ni yake. Asichokuwa nacho ni mkataba. Kampuni haikuahidiana naye. Haimjui, haikupata kumwuliza umri wake, ujuzi wake wa kuendesha, wala ajali alizozipata zamani, na hayo ndiyo yanayopima ada ya bima. Hati ya bima haiuzwi pamoja na gari kama kinavyouzwa kigurudumu cha akiba. Jambo hili liliamuliwa Uingereza katika miaka ya 1930, katika kadhia ya Peters, ambapo aliyeuza gari alimkabidhi mnunuzi na hati ya bima pia. Mahakama ikasema ahadi ya bima ni baina ya kampuni na mtu, na mtu huyo hawezi kumtia mwingine mahali pake pasina idhini ya kampuni.

Hivyo basi, mwenye mkataba hana maslaha, na mwenye maslaha hana mkataba. Baina yao wawili fedha zikaanguka. Wala hatari haikuwa katika gari tu. Lau gari lile lingemwumiza mpita njia, huenda muulizaji angejikuta kizimbani akidaiwa fidia, na kampuni ikamwambia kuwa yeye si mwenye bima. Karatasi iliyobandikwa kiooni humwonyesha askari kuwa ada imelipwa kwa gari hilo. Haionyeshi imelipwa kwa faida ya nani.

Msomaji asidhani kuwa maslaha ni ya mwenye mali peke yake. Benki iliyokopesha kwa rehani ya gari au nyumba ina maslaha, ila kwa kadiri ya deni: nyumba ikiwa ya shilingi 4,000,000 na deni lililobaki ni 1,500,000, basi benki haiwezi kudai zaidi ya hizo. Fundi aliyewekewa gari gereji ana maslaha, kwani likiungua mikononi mwake atadaiwa. Muuzaji aliyeandikiana na mnunuzi kuwa gari litabaki milki yake mpaka alipwe fungu la mwisho naye anayo. Mpangaji ana maslaha katika vitanda na makabati yake; katika kuta hana, illa mkataba wake umembebesha kuzitengeneza. Na mtoto anayetaraji kurithi nyumba ya babake hana kitu maadamu baba yu hai. Tamaa ya kupata si haki, na katika hili sheria ya Kiingereza na sharia yetu hazikukhitalifiana.

Babake akifa, mambo hugeuka. Na hapa ndipo tuonapo makosa mengi zaidi katika mitaa yetu, kwa hivyo tutoe mfano kamili. Tuseme mtu amekufa, hana deni wala wasia, na wazazi wake walimtangulia. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na nyumba ya thamani ya shilingi 4,000,000. Mke apata thumuni, yaani 500,000. Zilizobaki ni 3,500,000, zagawanywa mafungu matano: kila mwana mume mafungu mawili, ambayo ni 1,400,000, na binti fungu moja, 700,000. Nyumba haikuuzwa, wote wamekaa ndani kwa masikizano. Mwana mkubwa, kwa wema wake, akenda kukata bima ya moto ya nyumba nzima, akajaza fomu kwa jina lake na penye swali la mwenye nyumba akaandika “mimi.”

Nyumba ikiungua, kampuni itaomba hati, na kwa hati itajua kuwa nyumba ni ya watu wanne. Hapo yaweza kusema kuwa maslaha ya aliyekata bima ni 1,400,000 tu, ijapokuwa ada ya shilingi 4,000,000 imelipwa kila mwaka. Tena yaweza kusema neno zito zaidi: kuwa jawabu iliyoandikwa katika fomu haikuwa ya kweli, na kwa hivyo hati yote imevunjika. Mama na binti, ambao hawakupata kuiona fomu hiyo, watakuwa wamepoteza haki yao kwa kosa la mtu aliyekusudia kuwahifadhi. Lau angeandika maneno machache, kuwa akata bima kwa niaba yake na warithi wenziwe, akawataja kwa majina, na kampuni ikaitoa hati kwa majina hayo, nyumba nzima ingekuwa imehifadhika. Na ile bima aliyoiacha marehemu isiachwe kuendelea katika jina la maiti mwaka baada ya mwaka. Kampuni ijulishwe kifo mapema.

Nyumba ya wakfu hukatiwa bima na mutawalli, naye hufanya hivyo kwa ajili ya wakfu, si kwa nafsi yake. Ikiungua, fedha ni za wakfu. Fomu ioneshe hivyo.

Limebaki jambo la nyumba zetu za Mombasa, ambalo mtu wa kutoka bara hushangazwa nalo: nyumba kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake kuwa ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Vitabu vya Kiingereza huizoea nyumba kufuata ardhi, kwa hivyo mwenye nyumba akijieleza kwa kampuni kuwa ni “mwenye nyumba” pasina ziada, atadhaniwa kuwa na hati ya ardhi, na siku ya moto ataulizwa i wapi. Asiandike hivyo. Aandike kuwa jengo ni lake na kiwanja si chake, amtaje mwenye kiwanja, na zile stakabadhi za kodi ya ardhi azihifadhi pamoja na karatasi za ununuzi wa nyumba, mahali pengine pasipokuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Maslaha yake katika jengo ni ya kweli. Ama mwenye kiwanja, yeye hawezi kukata bima ya jengo zima akafanya hasara ya mwenziwe kuwa pato lake. Zaidi ya kodi ambayo huenda ikakatika kwa kuungua nyumba, hana cha kudai.

Huenda mtu akauliza: mbona kampuni hupokea fedha bila ya kutazama? Sababu ni kuwa mwenye kuuza bima hukaa na maelfu ya fomu, na huamini yaliyoandikwa. Uchunguzi una gharama, hivyo huachwa mpaka siku ya madai, na siku hiyo huja mkaguzi ambaye kazi yake ni kuuliza: kitabu cha gari kina jina la nani, fedha zililipwa na nani, nani alikuwa akilitumia. Basi mwenye bima na ajifanyie ukaguzi huo leo. Achukue hati yake ya bima na karatasi ya milki, aziweke pamoja mezani, na atazame kama majina yaafikiana. Yasipoafikiana, ajiulize kama sababu yake imeandikwa popote na kama kampuni yaijua.

Tulimjibu muulizaji kuwa limebaki tundu moja la kutazamwa. Ikiwa ndugu yake, alipokwenda kulipia katika mwaka wa pili au wa tatu, alimwambia mfanyakazi wa kampuni kuwa gari limekwisha kuuzwa, nao wakapokea fedha kwa kulijua hilo, basi ana la kusema mbele ya kampuni, na wakimkatalia aweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima. Tukamtaka aende akamwulize. Alirudi Ijumaa iliyofuata akasema mtoto wa ami yake hakumbuki kumwambia mtu yeyote. Alitoa fedha dirishani, akapokea karatasi, akaondoka. Gari analoliendesha sasa amelisajili NTSA kwa jina lake kabla ya kulilipia bima, na fomu aliijaza mwenyewe.